Radi kwenye laini ya juu, kebo ya kuingilia na transfoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanafuata mpangilio mmoja unaopatikana kwenye mitandao mingi ya usambazaji: laini ya juu ya 33 kV yenye nguzo za mbao, kisha kebo ya mita 150 inayoshuka kutoka nguzo ya mwisho na kupita chini ya ardhi, kisha transfoma. Nimechagua mpangilio huu kwa sababu watu wengi huamini kebo ile inailinda transfoma dhidi ya radi, na imani hiyo imeunguza transfoma nyingi.

Radi ikipiga waya, kinachosafiri ni nini hasa?

Radi huingiza chaji kwenye waya kwa ghafla mno, kiasi kwamba sehemu nyingine za laini haziwezi kupata habari papo hapo. Chaji hiyo husambaa pande zote mbili kutoka pale ilipopiga, ikiwa na volteji yake na mkondo wake, na ukingo wake wa mbele husonga kwa kasi ambayo kwenye laini ya juu inakaribia kasi ya mwanga: takriban mita 300 kwa kila mikrosekunde. Nyuma ya ukingo huo waya una volteji kubwa. Mbele yake, waya bado uko kama ulivyokuwa kabla ya radi. Hilo ndilo wimbi linalosafiri.

Umeme wa kawaida wa 50 Hz nao ni wimbi, lakini urefu wake mmoja kamili ni kilomita 6000. Kwa laini ya kilomita 20, tofauti ya volteji kutoka mwanzo hadi mwisho inayotokana na usafiri huo haionekani. Radi hupanda hadi kilele ndani ya mikrosekunde moja au chache, na katika muda huo wimbi limetembea mita mia chache tu. Ndiyo maana hesabu za saketi tulizozoea, zinazochukulia kwamba waya mzima una volteji moja, hazifai hapa.

Impidansi ya wimbi ni nini, na kwa nini haitegemei urefu wa laini?

Wimbi linaposonga mbele, kila mita mpya ya waya inabidi ijazwe chaji, kwa sababu ina kapasitansi, na ijengewe uga wa sumaku, kwa sababu ina indaktansi. Uwiano kati ya volteji ya wimbi na mkondo wake unatokana na vitu hivyo viwili tu, vikipimwa kwa kila mita:

Z = √(L/C)

Laini ya juu yenye indaktansi L ya 1.33 µH kwa mita na kapasitansi C ya 8.3 pF kwa mita inatoa Z ya takriban 400 Ω. Kebo ina waya uliokaribiana sana na ngao yake ya nje, na katikati kuna kihami kigumu. Kwa hiyo kapasitansi yake ni kubwa zaidi na indaktansi yake ni ndogo. Z ya kebo huwa makumi ya ohmu, na hapa tutachukua 40 Ω. Kasi nayo hushuka, hadi kama mita 150 kwa mikrosekunde.

Ohmu hizi hazipimwi kwa mita ya mkononi, wala hazipotezi nishati kama joto. Zinaeleza tu kwamba wimbi la volteji fulani lazima liandamane na mkondo fulani. Radi ya 10 kA ikipiga waya moja kwa moja hugawanyika 5 kA kila upande, na 5 kA mara 400 Ω ni 2000 kV. Laini nyingi za 33 kV haziwezi kuvumilia kiasi hicho bila cheche kuruka mahali fulani.

Basi wimbi linaloifikia transfoma linakuwa na volteji kiasi gani?

Laini yenyewe huweka kikomo. Volteji ikizidi uwezo wa vikombe vya kuhami vya nguzo, cheche huruka kwenda ardhini na wimbi hupunguzwa. Kwenye nguzo zenye mikono ya chuma iliyoungwa na ardhi, kikomo hicho kiko chini. Kwenye nguzo na mikono ya mbao isiyoungwa na ardhi, mbao nazo ni kihami, hivyo kikomo hupanda sana. Kwa wateja walio mbali hilo ni zuri, maana laini haikatiki ovyo. Kwa transfoma iliyo mwisho wa laini ni balaa, kwa sababu linaloruhusiwa kupita ni wimbi kubwa zaidi.

Katika mfano wetu wimbi linalofika ni la 500 kV. Jambo jingine linalosaidia ni korona: volteji ikiwa juu sana, hewa inayozunguka waya huanza kupitisha chaji, na ukingo wa wimbi hulegea kadiri linavyosafiri. Radi iliyopiga kilomita kadhaa mbali huja na ukingo mpole. Ya kuogopwa ni ile iliyopiga nguzo chache za mwisho.

Wimbi likifika makutano ya laini na kebo hutokea nini?

Fikiria sekunde ile linapofika. Kwenye laini, wimbi lilikuwa na ampea moja kwa kila volti 400. Kwenye kebo linatakiwa kuwa na ampea moja kwa kila volti 40. Volteji pande mbili za makutano lazima ilingane, na mkondo unaoingia lazima ulingane na unaotoka. Masharti hayo hayawezi kutimizwa na wimbi moja linaloendelea mbele peke yake. Lazima lizaliwe wimbi la pili linalorudi nyuma kwenye laini, na hilo ndilo akisi.

Ukiyaandika masharti hayo kwa herufi unapata vizidishi viwili. Cha akisi ni (Z2 − Z1)/(Z2 + Z1), na cha kupita ni 2·Z2/(Z1 + Z2), Z1 ikiwa ya njia wimbi linakotoka na Z2 ya njia linakoingia.

Kutoka laini kwenda kebo, akisi ni −360/440, yaani −0.818. Kinachopita ni 80/440, yaani 0.182. Wimbi letu la 500 kV linaingia kwenye kebo likiwa na 91 kV tu, na 409 kV hasi zinarudi kwenye laini, hivyo hata upande wa laini volteji inashuka hadi 91 kV. Ukiishia hapa utasema kebo imetuokoa, kwani transfoma ya 33 kV kwa kawaida hujengwa kustahimili pigo la radi la 170 kV, na 91 ni kama nusu yake.

Wengi wanaishia hapa. Lakini wimbi bado halijafika transfoma.

Kwa nini transfoma hupata volteji kubwa kuliko ile iliyoingia kwenye kebo?

Kwa wimbi la haraka hivi, koili ya transfoma haiingiliki: katika mikrosekunde za kwanza Z yake ni kubwa sana kuliko 40 Ω ya kebo. Ukiweka Z2 kubwa mno kwenye vizidishi vya juu, akisi inakuwa +1 na volteji mwishoni inakuwa mara mbili. Mkondo haupati pa kwenda, kwa hiyo nishati yote iliyokuwa kwenye uga wa sumaku inageuka kuwa volteji.

Mita 150 kwa kasi ya mita 150 kwa mikrosekunde ni mikrosekunde 1. Kwa hiyo mikrosekunde moja baada ya wimbi kuingia, transfoma inaona 182 kV, na tayari 170 imepitwa. Kisha 91 kV inarudi kuelekea laini, inafika makutano kwenye mikrosekunde ya 2, na kule inakutana na ongezeko la Z kutoka 40 kwenda 400. Safari hii akisi ni +0.818. Kwa hiyo 74 kV inageuka na kurudi kwa transfoma, ikafika kwenye mikrosekunde ya 3 na kuongeza 149 kV nyingine. Sasa transfoma ina 331 kV. Mikrosekunde ya 5 inaleta 452, ya 7 inaleta 552. Kila mzunguko unaongeza 0.818 ya ongezeko lililotangulia.

Njia nzuri ya kuyafuatilia haya kwa mkono ni mchoro wa kimia, ambao wengine huuita mchoro wa Bewley. Chora mistari miwili ya wima, mmoja wa makutano na mwingine wa transfoma, muda ukishuka kwenda chini. Kisha chora mistari ya mshazari inayokwenda na kurudi kati yao, ukiandika kV juu ya kila mmoja. Volteji ya sehemu yoyote ni jumla ya mistari yote iliyokwishapita hapo. Napendekeza uchore mwenyewe mara moja, hata kama una programu ya kompyuta, kwa sababu mchoro unakuonyesha ni akisi ipi iliyoleta ongezeko lipi.

Je, volteji hiyo itaendelea kupanda mpaka wapi?

Kama wimbi la laini lingebaki 500 kV bila kushuka, jumla ya nyongeza zote ni 182/(1 − 0.818), yaani 1000 kV. Ni mara mbili ya wimbi la mwanzo, sawasawa na ambavyo ingekuwa kama kebo isingekuwepo kabisa! Kebo imechelewesha tu.

Unaweza kuhakiki kwa njia nyingine. Kebo ya mita 150 yenye Z ya 40 Ω na kasi hiyo ina kapasitansi ya nanofaradi 25 hivi. Laini inaijaza kupitia 400 Ω, na 400 Ω mara 25 nF ni mikrosekunde 10. Ngazi zile za 182, 331, 452 zinafuata mkunjo uleule wa kapasita inayojazwa kuelekea 1000 kV kwa kipimo cha mikrosekunde 10. Njia mbili zisizofanana zinapotoa jibu moja, hesabu inaaminika.

Wimbi halisi la radi halibaki juu. Umbo la kawaida linalotumika kwenye majaribio hufika kilele kwa mikrosekunde 1.2 na kushuka hadi nusu kwenye mikrosekunde ya 50. Mkia huo ukiingizwa kwenye hesabu, kilele cha transfoma kinakuwa kama 730 kV badala ya 1000. Bado ni zaidi ya mara nne ya kile inachostahimili.

Kebo ikiwa ndefu zaidi, si itatosha?

Inasaidia, lakini si kwa kiasi ambacho watu hutarajia. Kebo ya kilomita 1.5 inahitaji mikrosekunde 20 kwenda na kurudi. Ngazi zinakuja polepole, na kati ya ngazi moja na nyingine wimbi la laini linazidi kupungua. Ukizijumlisha pamoja na mkia uleule, kilele kinakuwa karibu na 350 kV, au pungufu kidogo ukihesabu upotevu wa ndani ya kebo.

Angalia pia kwamba ngazi ya kwanza ni 182 kV kwa kebo ya urefu wowote, maana inategemea Z tu. Urefu hubadilisha kinachofuata baadaye.

Nimefunga aresta kwenye nguzo kebo inapoanzia. Je, transfoma iko salama?

Hapa ndipo ninapoomba msomaji asiharakishe.

Aresta ni kifaa kinachopitisha chaji ya radi kwenda ardhini volteji inapofika kikomo chake. Chukua inayobana volteji kwenye 95 kV. Wimbi linapofika, makutano yanapata 91 kV, na aresta bado haijaona sababu ya kufanya kazi kwa nguvu. Wimbi la 91 kV linapita chini yake, linafika transfoma, linakuwa 182. Akisi inarudi makutano kwenye mikrosekunde ya 2, na hapo ndipo volteji ya nguzoni inapotaka kupanda na aresta inaishika kwenye 95. Kwa kuishika, aresta inatuma kwenye kebo wimbi la kushusha, ambalo linafika transfoma kwenye mikrosekunde ya 3 na kuiteremsha karibu na sifuri. Kisha mchezo unaanza upya. Kwa hiyo transfoma inakaa na 182 kV kwa mikrosekunde mbili kamili, huku aresta ikiwa imefanya kazi yake bila kasoro.

Wimbi likiwa kubwa zaidi, aresta itabana tangu mwanzo, na kitakachopita ni 95 kV. Mwishoni itakuwa 190. Kanuni yake ni kwamba aresta hulinda pale ilipofungwa, na ncha iliyo mbali inaweza kufikia hadi mara mbili ya volteji ya aresta.

Basi niihamishie aresta kwenye transfoma?

Kwa wimbi la 500 kV hilo lingetosha. Transfoma ingebanwa kwenye 95, akisi inayorudi ingekuwa 4 kV tu, na kichwa cha kebo kule nguzoni kingepata kama 98. Mkondo wa aresta ungekuwa (2 × 500 − 95)/400, yaani karibu 2.3 kA, ambao ni mdogo kwa aresta ya 10 kA.

Lakini radi ikipiga karibu zaidi na kuleta wimbi la 1000 kV, kichwa cha kebo nguzoni kitapata 182 kV kwa mikrosekunde mbili kabla ya habari njema kurudi kutoka kwa aresta ya mbali. Kwa 2000 kV kitapata 364. Kichwa cha kebo kikipasuka, kukirekebisha si kazi ndogo. Ndiyo maana kwa kebo ya urefu huu jibu langu ni aresta mbili, moja kila ncha. Kebo ikiwa ya mita chache tu, akisi zinarudi mapema kabla ukingo wa wimbi haujamaliza kupanda, hivyo ncha mbili hazitofautiani sana na moja inaweza kutosha. Hilo lihesabiwe, lisikadiriwe kwa macho.

Aresta ikae umbali gani kutoka transfoma kama hakuna kebo kabisa?

Kuna fomula fupi inayotokana na akisi hizohizo:

UT = UP + 2·S·d/v

UP ni volteji ya aresta, S ni kasi ya wimbi kupanda, d ni umbali na v ni kasi ya wimbi kusafiri. Kikomo cha juu ni 2·UP.

Wimbi likipanda kwa 1000 kV kwa mikrosekunde na aresta ikiwa mita 10 kabla ya transfoma, unaongeza 2 × 1000 × 10/300, yaani 67 kV. Jumla ni 162 kV. Inaonekana iko chini ya 170, lakini kihami huchakaa na hatupaswi kukitumia hadi ukingoni. Ukigawa 170 kwa 1.15 unabaki na 148 kV, na umbali unaoruhusiwa unakuwa mita 8 hivi.

Nyaya za kuunganishia aresta nazo zihesabiwe, wa juu na wa kwenda ardhini. Kila mita ina indaktansi ya takriban 1 µH, na mkondo ukipanda kwa 10 kA kwa mikrosekunde, mita hiyo inaongeza 10 kV juu ya volteji ya aresta. Nimeona aresta nzuri iliyofungwa kwa waya uliozungushwa kwa madoido mpaka faida yake ikaliwa na waya huo. Waya uwe mfupi na mnyoofu, na mguu wa aresta uungwe moja kwa moja na tangi la transfoma, siyo kwenye fimbo yake pekee ya ardhini.

Makutano ya laini tatu yana akisi gani?

Wimbi linalokuja linaziona laini mbili zilizobaki zikiwa sambamba: 400 na 400 ni 200 Ω. Kinachopita ni 400/600, yaani theluthi mbili. Kadiri laini zinavyozidi kuungana kwenye kituo kimoja, ndivyo volteji inavyoshuka. Kituo chenye laini moja tu ndicho chenye hatari kubwa, na ndicho mara nyingi hupewa ulinzi mdogo kwa sababu ni kidogo.

Na swichi iliyofunguliwa mwisho wa laini?

Ni ncha wazi, na volteji huwa mara mbili, vilevile kama kwenye transfoma. Aresta iliyo upande wa pili wa swichi haiisaidii laini iliyokatwa. Swichi inayokaa wazi kwa kawaida, kama zile za kuunganishia laini mbili wakati wa dharura, ipewe aresta pande zote mbili.

Nitajuaje kwamba transfoma imeharibiwa na wimbi la namna hii, wala siyo na mzigo kuzidi?

Mzigo ukizidi, joto huathiri koili kwa upana: karatasi za kihami huwa kahawia na kuvunjika-vunjika, na mafuta hubeba dalili za joto la muda mrefu. Wimbi lenye ukingo mkali halienei sawasawa ndani ya koili. Sehemu kubwa ya volteji huangukia mizunguko ya kwanza iliyo karibu na kichwa cha kuingilia. Kwa hiyo ukifungua na kukuta mizunguko michache ya mwanzo imeyeyuka au imechanika mahali pamoja, huku sehemu iliyobaki ikiwa safi, shuku wimbi.

Kagua pia kaunta ya aresta ya nguzoni kama ipo. Ikiwa imesogea na aresta yenyewe ni nzima, usihitimishe kwamba ulinzi ulikuwa mzuri na chanzo ni kingine. Tumeona kwamba aresta ya nguzoni inaweza kufanya kazi sawasawa na transfoma ikapata 182 kV. Pima urefu wa kebo, rudi kwenye mchoro wa kimia, na uone ncha ya mbali ilipata ngapi. Usiitafute saa ya radi pekee: kihami kikijeruhiwa na wimbi kinaweza kuendelea kushika volteji ya kawaida kwa siku au wiki kadhaa kabla ya kukata tamaa, hivyo transfoma inayoungua asubuhi yenye jua inaweza kuwa ilipigwa katika mvua iliyokwishapita. Linganisha tarehe za kaunta na za rekoda ya kituo kwa wiki kadhaa zilizotangulia.